Marehemu kaacha mume, binti, mama na kaka wa baba mmoja mama mmoja: nyumba iuzwe, mlipane, au mbaki nayo pamoja?

Hii familia nimeitengeneza kwa mfano ila imefanana na nyingi nilizokaa nazo kwenye vikao vya mirathi huku Tanga. Mwanamke kafariki, alikuwa mshonaji, ana nyumba yake Ngamiani aliyojenga kwa hela yake mwenyewe. Kaacha mume, binti mmoja wa miaka tisa, mama yake mzazi, na kaka yake wa baba mmoja mama mmoja. Baba yake alishatangulia, babu pia. Mtoto wa kiume hakuwa nae.

Mafungu yao hayana mjadala, yameshapangwa, na nitayapitia kwanza manake watu wengi wanakosea hapo hapo mwanzoni. Wanapokwama kweli ni baada ya hapo, pale kila mtu anajua fungu lake ila mali kubwa ni nyumba, na nyumba huwezi kuikata kama keki. Njia ziko tatu: kuuza mgawane hela, baadhi wabaki na nyumba wawalipe wengine, au nyumba ibaki ya wote mgawane kodi. Zote sheria inaziruhusu, na kila moja ina mtu inayemfaa na mtu inayemuumiza.

Kwanza tupate hesabu safi

Usianze kugawa kabla hujajua kinachogawiwa ni nini. Kwenye mfano wetu nyumba imethaminiwa milioni 60, benki na kwenye simu kuna milioni 8.5, dhahabu zake (bangili mbili na mkufu) sonara kapima kasema milioni 4. Halafu kuna kitu kimoja ambacho familia nyingi hawakiweki kabisa, mahari. Mume aliahidi mahari ya milioni 2 na siku ya ndoa akatoa laki tano, ikabaki milioni 1.5. Hiyo ni deni lake kwa mkewe, na mke akifa deni halifi, linaingia kwenye mali yake na warithi wote wana haki humo, akiwemo mume mwenyewe. Jumla milioni 74.

Kisha tunatoa madeni. Alikuwa na mkopo wa vikoba milioni 1.4 na hospitali wanadai laki sita, hizo ni milioni 2. Gharama za mazishi hatujatoa hapa, kwa sababu kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndio wengi wetu wa pwani tunafuata, sanda na mazishi ya mke ni juu ya mumewe kama ana uwezo. Wasia hakuacha. Angeacha wasia wa milioni 6 kwa madrasa, kwa mfano, ungetolewa sasa kabla ya kugawa, mradi usizidi theluthi ya kilichobaki baada ya madeni na usiwe kwa mrithi.

Kinachobaki ni milioni 72.

Na kitu kingine, chakula cha hitima na arobaini hakitoki humu. Nimeona familia wanachota milioni moja na nusu kwenye akaunti ya marehemu kwa ajili ya hitima halafu ndio wanakaa kugawa, bila kujua kwamba nusu ya ile hela, laki saba na nusu, ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa ambae hawezi kuruhusu wala kukataa. Anaetaka kulisha watu alishe kwa mfuko wake.

Mafungu

Mume robo, kwa sababu mke ana mtoto (asingekuwa na mtoto angepata nusu, hii ni aya ya 12 ya suratu Nisaa). Binti akiwa mmoja na hana kaka anapata nusu, na mama anapata sudusi, yaani moja ya sita, kwa sababu marehemu ana mtoto, hizo mbili ziko aya ya 11. Kaka hana fungu la kutajwa, yeye ni asaba, anachukua kinachobaki, kwa hadithi ya Ibn Abbas kwenye Bukhari na Muslim kwamba mafungu wapewe wenyewe na kinachobaki kiende kwa mwanaume aliye karibu zaidi.

Gawa kwa 12 utaona inakaa vizuri. Mume 3, binti 6, mama 2, jumla 11, limebaki 1 la kaka. Milioni 72 kwa 12 kila fungu ni milioni 6, kwa hiyo

mume milioni 18
binti milioni 36
mama milioni 12
kaka milioni 6

Hapa ndio mjomba mtu anashtuka anasema mbona mimi mwanaume napata kidogo kuliko wote, si mwanaume anachukua mara mbili? Ile mara mbili ni ya kaka na dada wanaporithi pamoja kwa daraja moja, mfano kama marehemu angeacha na dada wa baba na mama mmoja, ile milioni 6 ingegawiwa milioni 4 kwa kaka na 2 kwa dada. Ila binti wa marehemu yuko daraja nyingine, hagawani na mjomba wake. Na mjomba ajue ana bahati hata kupata hiyo, manake marehemu angeacha mtoto wa kiume hata mmoja, au baba yake angekuwa hai, kaka asingepata kitu. Hata wangekuwa mabinti wawili tu angekosa, kwa sababu mabinti wawili wanachukua theluthi mbili, ambayo ni 8 kwenye 12, ukiongeza 3 za mume na 2 za mama unapata 13, mafungu yamezidi mali, inabidi hata wenye mafungu wapunguziwe kila mtu kidogo kwa kugawa kwa 13.

Kaka akiwa wa mama mmoja tu baba tofauti, nae hapati hapa, binti anamzuia. Ulizeni hili mapema, kwenye vikao watu wanasema tu "kaka yake" bila kufafanua.

Vitu vinne vya kuangalia

Mimi nikisaidia familia kuchagua naangalia mambo manne, na nitatumia hayo hayo kwa kila njia. La kwanza, kila mmoja anapata kiasi gani kweli mkononi. La pili, anapata lini. La tatu, yule mtoto analindwaje, kwa sababu ana nusu ya mali na hana sauti. La nne, nini kitatokea huko mbele mmoja wao akifa au wakikosana.

Njia ya kwanza: kuuza nyumba mgawane hela

Mkononi. Nyumba ya milioni 60 kwenye karatasi ya mthamini sio milioni 60 kwa mnunuzi, hasa akijua ni nyumba ya mirathi na wenyewe wana haraka. Tuseme imeuzwa milioni 54, na dalali, mwanasheria na kodi za serikali vimekula milioni 3. Zimebaki 51. Ongeza zile milioni 12 nyingine (hela milioni 6.5 iliyobaki baada ya madeni, dhahabu 4, mahari 1.5) unapata milioni 63. Kwa 12 kila fungu ni milioni 5 na laki mbili na nusu. Mume milioni 15.75, binti 31.5, mama 10.5, kaka 5.25. Kwenye fungu la mume ile milioni 1.5 ya mahari anayo tayari mfukoni, kwa hiyo anapewa 14.25 tu, hili lisisahaulike maana ndio linalofanya hesabu isifunge mkashangaa hela imepungua.

Sasa angalia ile hasara ya milioni 9 nani kaibeba. Kaka kapoteza laki saba na nusu. Binti kapoteza milioni nne na nusu. Kwa hiyo kila siku mjomba anapobonyeza simu "jamani tuuzeni tu tumalize", anaelipa hiyo haraka mara sita zaidi yake ni mtoto wa dada yake. Simlaumu, anaweza kuwa na shida zake za kweli, ila hesabu iwekwe mezani aione.

Lini. Nyumba ikishapata mnunuzi wote mnapata siku moja, na hiyo ndio raha ya njia hii. Kumpata huyo mnunuzi ndio kunaweza kuchukua mwezi au mwaka. Na huuzi kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama, mnunuzi mwenye akili hatakubali. Kwa bara, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo ana miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5, kisha hesabu ya mgao kwa fomu namba 6. Zile hesabu zetu za milioni 74 na 72 ndio zinaingia humo.

Mtoto. Fungu lake linakuwa hela, na hela ya mtoto ni kitu kinachoyeyuka kuliko vyote. Baba yake ndie wali wa mali yake kisheria, hana kosa hapo, ila milioni 31.5 zikikaa kwenye akaunti ya baba pamoja na hela za biashara yake baada ya miaka tisa hakuna atakaejua ipi ni ipi. Iwekwe mbali kwa jina la mtoto, au kinunuliwe kiwanja kwa jina lake, na kikao kiandike. Pia kumbukeni chakula na ada ya mtoto ni jukumu la baba akiwa na uwezo, havitakiwi kutoka kwenye urithi wa mtoto.

Huko mbele. Safi kabisa, kila mtu kaondoka na chake, akifa mtu kesho hakuna kinachowaunganisha tena. Ila mume na mtoto wanahitaji pa kulala.

Inawafaa warithi waliotawanyika, mmoja Muscat mwingine Dar, ambao hakuna anaeitaka ile nyumba, au familia ambayo maneno yameshaharibika kiasi kwamba kukaa pamoja ni kuongeza moto.

Njia ya pili: wengine wabaki na nyumba, wengine walipwe

Hii wanachuoni wanaiita takharuji, yaani mrithi anakubali kutoka kwenye mali kwa kulipwa kitu kinachojulikana. Kwenye mfano wetu wanaobaki ni mume na binti, wanaotoka ni mama na kaka.

Mkononi. Bei inabaki ile ya mthamini, milioni 60, hakuna dalali, kwa hiyo kila mtu anapata fungu lake kamili kwenye zile milioni 72. Twende taratibu. Mama na kaka wanatakiwa kupewa milioni 18 jumla. Nje ya nyumba tunazo milioni 12. Kaka apewe milioni 6 kutoka kwenye ile hela ya benki, kamaliza. Inabaki laki tano ya benki, dhahabu za milioni 4, na mahari ya milioni 1.5 ambayo mume anaitoa sasa, hizo zote milioni 6 apewe mama. Mama bado anadai milioni 6.

Hizo atazilipa nani? Mume. Na hapa ndio hesabu inavyopendeza, binti fungu lake la milioni 36 lote limeingia kwenye nyumba, mume fungu lake la 18 ukiongeza 6 anazomlipa mama mkwe wake inakuwa 24, na 36 na 24 ni 60. Kwa hiyo nyumba ni ya binti kwa sehemu tatu kati ya tano, na ya baba yake sehemu mbili kati ya tano. Sio ya baba. Andikeni hivyo kwa maneno makubwa, manake miaka kumi ikipita mtaa mzima utakuwa unaita "nyumba ya fulani" na huyo fulani ni baba, na mke mpya atakaekuja hatajua kwamba kaolewa kwenye nyumba ya binti.

Bei ya mthamini ndio moyo wa njia hii. Wakikubaliana kienyeji kwamba nyumba ni milioni 48, mali yote inakuwa milioni 60, fungu moja milioni 5, mama anapoteza milioni 2 na kaka milioni 1 bila kujua, na wanaobaki ndio wamefaidi. Na kama ni mume peke yake anaichukua nyumba yote na binti nae analipwa hela, basi binti kapunjwa milioni 6 na aliempunja ni wali wake mwenyewe, ambae kakaa pande zote mbili za meza. Kwa hiyo mthamini asiwe rafiki wa mtu, na upande wa mtoto asimame mtu mwingine, bibi yake au mjomba, aikague ile bei.

Lini. Kaka siku hiyo hiyo. Mama nusu leo, nusu kidogo kidogo, tuseme laki tano kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Hapa kuna mtego. Upande mmoja wa nyumba umepangishwa laki na themanini kwa mwezi, na mume anasema "nitamlipa mama kwa kodi". Ila kodi hiyo tatu ya tano ni ya binti, laki moja na elfu nane, ya mume ni elfu sabini na mbili tu. Akimlipa mama kwa kodi yote anakuwa analipa deni lake kwa hela ya mtoto. Laki tano za kila mwezi zitoke kwenye kazi yake.

Na mama asilipwe kwa maneno tu. Iandikwe kwamba mpaka milioni 6 zitimie yeye bado ana sehemu moja ya kumi ya nyumba, na inatoka kwenye upande wa mume sio wa mtoto. Bila hivyo anageuka mdai wa kawaida, na mama wa watu wazima anamwonea haya mkwe wake, hawezi kumpigia simu kila tarehe moja. Nimemuona bibi mmoja kapokea bangili za mwanae zimefungwa kwenye leso, akazivaa palepale na kulia, na deni lake lililobaki hakulitaja tena mpaka wenzie walipolitaja kwa niaba yake.

Mtoto. Analindwa vizuri kama jina lake limeingia kwenye karatasi za nyumba na ile tatu ya tano imeandikwa. Anabaki kwenye nyumba ya mama yake. Asipoandikwa, hii ndio njia hatari kwake kuliko zote.

Huko mbele. Wamebaki wawili, baba na mwana. Baba akioa tena na akafa, ile mbili ya tano yake tu ndio itagawiwa kwa mke mpya na watoto wote akiwemo binti, tatu ya tano haiguswi. Hilo linaeleweka na linatatulika.

Inawafaa pale mume ana kipato cha kuaminika na mama hana shida ya hela ya haraka, na kuna hela au dhahabu nje ya nyumba za kuanzia malipo. Mume asiyekuwa na kazi asiingie humu.

Njia ya tatu: nyumba ibaki ya wote, mgawane kodi

Mkononi. Zile milioni 12 za nje ya nyumba mnagawana sasa, kila fungu milioni 1, kwa hiyo mume 3 (nusu yake ni ile mahari aliyonayo), binti 6, mama 2, kaka 1. Nyumba inabaki yenu kwa mafungu 12 yale yale. Ikipangishwa yote laki tatu na sitini kwa mwezi, kila fungu ni elfu thelathini, mume elfu tisini, binti laki na themanini, mama elfu sitini, kaka elfu thelathini.

Gharama nazo zinafuata mafungu. Paa likivuja mkatumia milioni 1.2, mume laki tatu, binti laki sita kutoka kwenye hela yake, mama laki mbili, kaka laki moja. Kaka hapo kalipa zaidi ya kodi yake ya miezi mitatu, na ndio maana mwenye fungu dogo anachoka mapema, anaona anapewa elfu thelathini na kuitwa kwenye kila kikao cha bati.

Na mume akikaa humo na mtoto bila kupangisha? Akitumia nyumba nzima yeye na binti, mama na kaka wana haki ya mafungu yao matatu, elfu tisini kwa mwezi, mpaka wenyewe waseme kwa ridhaa yao wamesamehe. Watu wanaona aibu kulisema mwaka wa kwanza, mwaka wa nne linatoka kama ugomvi. Semeni mwaka wa kwanza.

Lini. Kidogo leo, kidogo kila mwezi, na mtaji wenyewe hamuugusi. Kwa mama mzee asiye na kipato elfu sitini ya kila mwezi inaweza kumfaa kuliko milioni 12 ambazo wajukuu wote watazipigia hodi, mwingine ataona bora hela yake aitumie akiwa hai. Muulizeni yeye.

Mtoto. Nusu ya nyumba ni yake na inapanda thamani nae akikua. Ila iwepo daftari ya kodi, mwezi kwa mwezi, na hela yake isichanganywe.

Huko mbele. Hapa ndio uzito ulipo. Mama akifariki, mafungu yake 2 yanaenda kwa warithi wake, na tuseme mrithi wake pekee ni yule mwanae wa kiume. Basi mjomba kutoka fungu 1 anakuwa na 3, robo ya nyumba, milioni 15 kwa bei ya leo. Binti hapati kitu kwa bibi yake, kwa sababu mama yake alitangulia kufa na mjukuu wa upande wa binti harithi pale alipo mtoto wa kiume. Bibi akitaka mjukuu apate chochote amwandikie wasia usiozidi theluthi, au ampe akiwa hai. Mume nae akifa mafungu yake 3 yanapasuliwa kwa mke mwingine na watoto wengine. Baada ya vifo viwili hivi mtakuta kodi ya laki tatu na sitini ina watu wanane na mmoja hajulikani simu yake.

Inawafaa familia zinazoelewana, nyumba inayopangishika vizuri, na mtu mmoja mwaminifu wa kushika daftari. Na iwekewe muda, mfano mpaka binti afike miaka 18, ndipo mkae tena muamue.

Kabla hujachagua, la kusamehe

Mara nyingi kaka anasimama anasema "mimi fungu langu nimemwachia mtoto wa dada". Inafaa, ni mtu mzima na ni mali yake. Ila aambiwe kwanza ni milioni 6, atamke akiwa anajua, na isiwe siku ya tatu ya msiba mbele ya watu mia ambapo hawezi kusema hapana. Mama hali kadhalika. Binti hawezi kusamehe chochote na baba yake hawezi kusamehe kwa niaba yake, hata shilingi mia.

Wewe uko wapi kati ya hawa

Kama mume ana mshahara au biashara inayotembea, na mtoto anakaa nae humo humo, mimi ningeanza kuitazama njia ya pili, kwanza mthamini wa nje, pili karatasi ya tatu ya tano ya binti, tatu malipo ya mama.

Kama mume hana kipato cha kulipa milioni 6 na mama hadai hela ya haraka, njia ya tatu kwa muda uliowekwa, na kaka atolewe kwanza akitaka: kwenye ule mgao anapata milioni 1 na fungu lake la nyumba ni milioni 5, mume na binti na mama wakichangia kwa hela waliyopata wanaweza kulinunua, ila hela anayotoa binti isizidi thamani ya sehemu ya nyumba anayoongezewa, kwa bei ile ile.

Kama mama ni mgonjwa na anahitaji matibabu sasa, apewe dhahabu na hela ya benki kabla ya mtu yeyote, kwa hesabu ya fungu lake, halafu nyumba mtaijadili. Hilo halihitaji kusubiri muafaka wa nyumba, warithi wazima wakubali na msimamizi aandike, na fungu la binti libaki limelindwa na nyumba.

Kama mume anahama, hakuna anaeitaka nyumba, au mmeshafikia kutosalimiana, uzeni, ila msikubali bei ya kwanza. Wekeni bei ya chini kabisa kwa maandishi kabla dalali hajaanza kuleta watu, na mjomba mwenye haraka alipwe milioni 6 zake kutoka kwenye ile milioni 6.5 ya benki atoke kabisa, ili waliobaki wauze kwa subira na ile milioni nne na nusu ya mtoto isipotee.

Na kama marehemu alijenga nyumba pamoja na mume, kila mtu alitoa hela yake, basi rudini nyuma kabisa kwenye milioni 60, sehemu ya mume itolewe kwanza kama mali yake, kwa ushahidi wa risiti au watu waliokuwepo wakati wa ujenzi, na hesabu yote ya 12 ianze upya kwa sehemu ya marehemu peke yake.